Oili feki: picha ya lebo haitoshi, tuonyesheni shingo na kitako

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa zaidi ya miaka 20 na sijawahi kuwaandikia. Leo naandika kwa sababu ya ile habari yenu kuhusu oili feki za magari, ile yenye picha ya chupa mbili zikiwa zimesimama bega kwa bega, na mshale mwekundu ukionyesha lebo. Mmewaambia wasomaji kwamba lebo ikiwa safi na maandishi yakisomeka vizuri, oili ni orijino. Ushauri huo umeshaniharibia injini moja, na utaharibu nyingine.

Nimefanya kazi ya uchapaji kwa miaka 19, kwa hiyo lebo naijua. Rangi zake kwa kawaida huchapwa moja moja, sayani, majenta, njano na nyeusi, kila moja na bamba lake. Bamba moja likisogea hata kidogo, herufi nyeupe zinapata ukingo wa rangi upande mmoja, kama kivuli chembamba, na kivuli hicho kinaelekea upande uleule lebo nzima. Huo ndio ufeki mnaoutafuta, na ni kweli upo. Lakini hata hapo picha inaweza kudanganya, maana kioo cha kamera ya simu nacho huzaa ukingo wa rangi, hasa pembeni mwa picha. Kuvitofautisha si kazi: pindua chupa kichwa chini, herufi unayoikagua irudi palepale ilipokuwa kwenye picha, piga tena bila kuisogeza simu. Kivuli kikigeuka pamoja na chupa, kosa ni la mchapaji. Kikibaki upande uleule wa picha, kosa ni la kamera. Hilo hamkuliandika, na mtu wa duka mwaminifu anaweza kuitwa tapeli kwa sababu ya simu ya mteja.

Sasa nieleze yaliyonikuta. Nina Noah inayopiga ruti ya Moshi na Marangu. Mwezi wa nne mwaka jana dereva wangu alinunua dumu la lita nne mjini, akanitumia picha kwa WhatsApp kabla ya kulimimina, kama tulivyozoea. Picha ilikuwa moja, ya mbele. Niliikuza nikakagua herufi moja moja: rangi zimekaa, kingo kali, hakuna kivuli. Nikamjibu amimine. Baada ya wiki tatu taa ya oili ikaanza kuwakawaka gari likiwa limesimama Himo na injini ikiwa ya moto, ukikanyaga mafuta inazima. Fundi akafungua sampu. Oili ilikuwa nyepesi ukiishika kwa vidole, haina utelezi wa kukaa, na beringi za injini zilikuwa zimekwisha kulika. Injini ile nimeifungua mara moja tu tangu niinunue, na nilikuwa nabadilisha oili kwa tarehe kama mtu anayemeza dawa. Gari lilikaa gereji siku 16. Dereva ana watoto wanne na analipwa kwa siku. Nilimwendea nyumbani kwake na sikuwa na la kumwambia, kwa sababu yeye aliniuliza kwanza na mimi ndiye niliyesema mimina.

Bahati dumu tupu lilikuwa bado stoo. Nililiweka mezani nikalitazama upya, na safari hii sikuanza na lebo. Lebo ilikuwa halali kabisa, kwa sababu chupa yenyewe ilikuwa halali! Walichofanya matapeli ni kulijaza upya dumu la kiwandani. Kwenye mfuniko kuna ile pete ya chini inayoshikiliwa na vijino vidogo vya plastiki. Ukifungua mara ya kwanza vijino vinakatika na pete inabaki shingoni. Kwenye pete ya dumu langu vijino viwili tu vilikuwa vimekatika kwa usafi, vingine vilikuwa na mabaki ya gundi iliyovirudishia, na gundi ile inang'aa ukiielekezea tochi kutoka ubavuni. Nafasi kati ya pete na mfuniko ilikuwa nyembamba upande mmoja na pana upande mwingine. Ile foili iliyokuwa chini ya mfuniko dereva alikuwa ameibandua, lakini alama yake ilibaki mdomoni mwa chupa: imekatikakatika, sehemu nyingine imeungua. Ya kiwandani hugandishwa na mashine inayoipasha foili yenyewe joto mfuniko ukiwa umekwisha fungwa, hivyo huacha mduara ulio sawa. Hata hivyo zipo oili halali zisizowekwa foili, kwa hiyo linganisha na chupa ya kampuni ileile na ujazo uleule.

Kisha nikaligeuza kitako. Kwenye plastiki kulikuwa na saa ndogo ya kalibu, duara lenye namba 1 hadi 12, mshale ukielekea 5, katikati 21. Maana yake chupa ilitengenezwa mwezi wa tano 2021. Namba ya bechi iliyopigwa kwa vidoti vya wino mgongoni ilisema oili imejazwa mwezi wa pili 2024. Chupa tupu ikae kiwandani karibu miaka mitatu ikisubiri oili? Nikalilaza dumu kwenye mwanga wa dirisha, na pale penye bechi plastiki ilikuwa imefifia mstatili mzima, imesuguliwa kwa msasa laini, namba ya zamani ikafutwa na mpya ikapigwa juu. Si kila kiwanda kinaweka saa hiyo kitakoni, lakini kikiweka, inasema ambalo lebo haiwezi kusema.

Na chupa hizo zinatoka wapi, Mhariri? Zinatoka gereji zetu. Pita Majengo au Pasua jioni uone madumu matupu yanavyopangwa, na mifuniko yake juu, yakisubiri mnunuzi, na dumu lenye lebo isiyo na mchubuko lina bei kubwa kuliko lililochakaa. Mnunuzi wa plastiki ya kusaga anahitaji mfuniko wa nini? Anahitaji lebo nzima ya nini? Mafundi wanaolalamika kwamba wateja huleta oili mbovu ndio hao hao wanaouza chupa asubuhi. Nimewaambia watatu ana kwa ana, mmoja akanijibu kuwa chupa ni mali yake.

Ninachotaka ni hiki. Mkichapa tena habari hii, wekeni picha nne: ya kwanza shingo kwa karibu, simu ikiwa usawa wa pete na tochi ikitokea ubavuni, chupa ikizungushwa; ya pili kitako; ya tatu namba ya bechi pamoja na ile ya kwenye boksi; na lebo mwisho. Waambieni wasomaji wazitume kama dokumenti, maana WhatsApp ikibana picha vijino na vidoti vinageuka ukungu. Na kila mwenye gari asimame hapohapo oili inapomiminwa, achukue msumari wa inchi sita uliopashwa moto, atoboe kitako cha dumu matundu mawili, kisha akate pete ya shingoni kwa kisu aondoke nayo mfukoni. Mimi nimeanza. Hadi leo nina pete 11 kwenye kopo, na dereva wangu ana msumari wake kwenye gari.

Msomaji wenu,
Majengo, Moshi