Koo Linapouma Upande Mmoja na Mdomo Ukagoma Kufunguka

Wengi wanaofika kwetu na jipu la pembeni ya tonsili walidhani ni mafindofindo yale yale ya kila mara. Na kweli, mara nyingi ndivyo linavyoanza. Tofauti hujitokeza baada ya siku chache, na anayeijua huokoa muda.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 22. Siku ya kwanza koo linamuuma pande zote mbili, ana homa. Ananunua dawa, anapata nafuu kidogo, anaendelea na shughuli zake. Siku ya nne maumivu yanahamia upande wa kulia peke yake na kupanda hadi sikioni. Kesho yake kumeza mate ni adhabu, kwa hiyo anayatema kwenye kitambaa. Sauti yake imekuwa nzito, kama ya mtu aliyejaza tonge mdomoni. Akijaribu kupiga mswaki, mdomo haufunguki: vidole viwili tu ndivyo vinavyopita kati ya meno, wakati kwa kawaida hupita vitatu.

Hilo la mdomo ndilo tunaloliuliza kwanza. Usaha umejikusanya kati ya tonsili na misuli ya ukuta wa koo, na uvimbe huo umeigusa misuli ya kutafunia iliyo jirani, ikakakamaa. Mafindofindo ya kawaida huuma sana, lakini ni nadra kufunga mdomo. Tukimulika ndani tunaona kaakaa laini upande wa kulia limetuna na kuwa jekundu, na kimeo kimesukumwa kushoto.

Kwa nini tusimwandikie vidonge tu aende nyumbani? Kwa sababu dawa husafiri na damu, na ndani ya dimbwi la usaha damu haifiki. Dawa itapambana na maambukizi ya pembeni, lakini usaha wenyewe unahitaji njia ya kutokea. Wapo wanaofika mapema, nyama imevimba lakini usaha haujajikusanya. Hao huanza na dawa ya mshipa na kuangaliwa tena ndani ya saa 24 hadi 48.

Kutoa usaha hufanyika mgonjwa akiwa amekaa wima na akiwa macho. Tunapuliza dawa ya ganzi kooni, kisha tunachoma kiasi kidogo cha ganzi pale palipotuna. Sindano ya kuvutia usaha tunaivisha kifuniko chake cha plastiki kilichokatwa ncha, ili kiasi cha sentimeta 1 tu ya sindano ndiyo itokeze. Si urembo: nyuma na pembeni ya tonsili, kwa mtu mzima takribani sentimeta 2 na nusu ndani, unapita mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo. Ndiyo maana kujitoboa nyumbani kwa pini au wembe ni hatari isiyo na mfano.

Kwa kawaida hutoka mililita chache tu za usaha, wenye harufu kali. Ukiwa mwingi au mzito, tunachana kidogo kwa kisu na kupanua tundu kwa koleo ili uishe wote, mgonjwa akitema kwenye beseni. Dakika chache baadaye wengi huweza kufungua mdomo zaidi na kunywa maji. Watoto wadogo na wasioweza kuvumilia hufanyiwa chumba cha upasuaji wakiwa wamelazwa usingizi.

Sasa, ukisubiri? Jipu linaweza kupasuka lenyewe usingizini, usaha ukaingia kwenye mapafu. Linaweza pia kupenya kwenye nafasi za shingo na kushuka hadi kifuani, au uvimbe ukabana njia ya hewa. Kwa hiyo mtu anayekoroma kwa kuvuta pumzi akiwa macho, anayelazimika kuinama mbele ili apumue, au ambaye shingo imevimba na kukakamaa, asije kliniki kupanga foleni. Apelekwe moja kwa moja hospitali yenye huduma ya dharura, akiwa amekaa, asilazwe chali.

Baada ya kutolewa usaha, dozi ya antibiotiki huendelea, mara nyingi siku 10 hadi 14, hata kama koo limetulia siku ya pili. Usaha unaweza kujaa tena, hivyo homa au maumivu yakirudi, rudi siku hiyo hiyo. Aliyepata jipu hili zaidi ya mara moja tunazungumza naye kuhusu kuondoa tonsili.

Ukija, beba dawa zote ulizotumia, hata zile ulizoacha katikati. Tuambie mapema kama penisilini hukudhuru, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, maana hayo mawili hubadilisha dawa tutakayokupa na namna tutakavyoutoa usaha.