Kabla hujanunua kitabu cha kuuza asali

Mpendwa Mashaka,

Salaam aleikum, na poleni na shughuli. Huku tu wazima, mama anakohoa kidogo kama ada yake, mengine tunashukuru. Barua yako nimechelewa kuijibu, usininunie, kila nikishika kalamu naona swali lako linageuka.

Umeniomba nikutafutie kitabu cha biashara ya asali, chenye mambo ya nembo, chupa na namna ya kupata wateja. Sawa. Lakini chini kabisa, kama mtu anayesimulia habari za mvua, ukaongeza kwamba ile ndoo ya Bi Rukia imetoa povu, kifuniko kimevimba na harufu imekuwa ya pombe, naye ameirudisha. Bwana wee! Hilo ndilo lililopaswa kuwa la kwanza. Nembo utakayobandika juu ya ndoo ile itamsaidia tu mteja kukumbuka jina la aliyemuuzia.

Ngoja nikueleze ninavyoielewa, maana vitabu vingi vya kuuza vinaanzia sokoni, na asali yako iliharibika kabla haijatoka mzingani. Chachu imo katika asali yote, hata iliyorinwa kwa usafi wa hali ya juu. Inashindwa kufanya kazi kwa kuwa maji ni machache mno. Nyuki analeta mbochi, yale maji matamu ya maua, ambao mara nyingi zaidi ya nusu yake ni maji. Wenzake wanaupepea na kuuhamisha hamisha mpaka maji yashuke kufikia kama asilimia 18, ndipo wanaziba vijumba kwa nta. Kuziba huko ndiko kusema kwao kwamba imeiva. Chini ya asilimia 17 chachu haifurukuti. Ikipita 19, kuchacha ni suala la muda tu.

Na hapa wengi wanateleza: viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu asali iwe na maji hadi asilimia 20. Kwa hiyo asali inaweza kupita kipimo cha sheria leo, halafu ikachacha kwenye kabati la mteja. Kitabu kinachokupa 20 na kunyamaza kimekupa mpaka wa sheria, hakijakupa usalama wa ndoo.

Sasa rudi kwenye barua yako. Umesema mlirina mizinga yote usiku uleule "ili tusirudi kuwasumbua," na maua yalikuwa bado yamechanua. Basi nyuki walikuwa bado wanaingiza mbochi, na kati ya masega mliyokata yalikuwamo ambayo hayajazibwa. Tupige hesabu ya mfano. Una kilo 8 za asali iliyozibwa, ina maji asilimia 17.5. Hiyo ni asali ya kuweka mwaka. Unamiminia kilo 2 tu za sega bichi lenye maji asilimia 26. Maji ya ile nzuri ni kilo 1.4, ya ile bichi ni 0.52, jumla 1.92 katika kilo 10. Umepata asilimia 19.2. Kilo mbili zimezitia kilo nane hatarini, na kwa macho hutaona tofauti yoyote siku ya kuchuja.

Ndiyo maana nasema, ukishika kitabu chochote cha nyuki dukani au kwenye simu, usianze na sura ya kwanza yenye sifa za nyuki na historia ya dunia. Fungua sura ya kurina. Tazama kama kinakuambia sega liwe limezibwa kiasi gani (robo tatu ya uso wake ndiyo kawaida, na mimi ningengoja zaidi), kama kinataja kiasi cha maji kwa tarakimu, na kama kinakuambia ufanye nini na lile sega lililozibwa nusu. Kisipokuwa na hayo matatu, kirudishe, hata kiwe na picha za rangi.

Jambo la pili la kutazama ni kitabu kiliandikiwa nyuki gani. Vingi vimeandikiwa nchi za baridi, wala si vibaya, ila mwalimu huna, na kitabu hakitakuambia "hapa ruka." Vinatumia kurasa nyingi kulisha nyuki na kuwapitisha kwenye baridi, halafu nyuki kuhama mzinga kwa sababu ya njaa, siafu au kusumbuliwa kunapewa aya moja. Wakati wewe hilo ndilo linalokunyima usingizi. Kipo kipimo chepesi: tafuta upana wa viunzi vya juu, vile vijiti ambavyo nyuki wananing'iniza masega yao. Nyuki wa Afrika anataka milimita 32, wa Ulaya milimita 35 hivi. Ukichonga viunzi kwa kipimo cha mwenzako, nyuki watajenga masega kwa kukatiza kiunzi hadi kiunzi, na siku ya kukagua utainua kimoja ukute vinne vimeshikana, asali inachuruzika, nao wamekasirika. Kitabu kisichotaja 32 popote, soma sura zake za ufundi kwa tahadhari.

Mfano mwingine wa hatari hiyo uko kwenye kurina kwenyewe. Wenye mizinga ya fremu wanafundishwa kushika fremu bapa na kuitikisa: matone yakiruka, asali bado. Kipimo kizuri kabisa kwa fremu zenye waya. Wewe una viunzi vya juu, sega linaning'inia kwa nta yake tu. Ukililaza bapa, au kulitikisa, litakatika na kuangukia mzingani. Kwako wewe kipimo ni macho: inua kiunzi wima, kigeuze kwa kukizungusha huku sega likibaki limesimama, tazama nyuso zote mbili. Upande mmoja unaweza kuwa mweupe kwa nta na wa pili uko wazi wote.

Kwa hiyo nenda na ndoo mbili, zote na vifuniko. Sega lililozibwa lote, ndoo ya kwanza. Lililozibwa nusu, kata sehemu iliyozibwa itie ya kwanza, iliyo wazi itie ya pili, hiyo ni ya nyumbani na iliwe mapema. Lenye majana, yaani watoto wa nyuki, liache palepale mzingani. Usimkamulie mtu majana kwenye asali, tafadhali, najua Sefu anasema yanaongeza nguvu. Yanaongeza maji na uozo. Na kazi ya kuchuja ifanye siku kavu, funika haraka, kwa sababu asali inafyonza maji hewani. Hewa ya unyevu wa juu ya asilimia 60 hivi inatosha kuirudisha nyuma kazi waliyoifanya nyuki. Ndoo ikikaa wazi usiku wa mvua, ile safu ya juu ndiyo inayoanza.

Mkipata fedha, nunueni kwa pamoja wewe na wenzako kile kipimo kidogo cha mkononi cha maji ya asali, rifraktomita. Unadondosha tone, unatazama kwenye mwanga, unasoma namba. Hakikisha ni cha asali, maana kile cha juisi kipimo chake hakifiki kwenye utamu huo.

Vitabu nilivyokuwekea ni viwili, vyote vya FAO, na vyote unaweza kuvisoma bure kwenye tovuti yao, usilaghaiwe ukavinunua. Kimoja ni Beekeeping in Africa cha Adjare, cha 1990. Ni cha zamani, lakini kimemlenga nyuki unayemjua. Cha pili ni Value-added products from beekeeping cha Krell, cha 1996. Hicho ni kinene, usikisome chote. Soma sura ya asali, halafu ya nta, maana nta mnayotupa baada ya kukamua ni bidhaa nyingine kabisa na haichachi. Kiingereza chake kikikushinda, mpe Neema, anapenda kujionyesha.

Kuhusu biashara yenyewe nitakuambia moja tu leo. Umeandika kwamba unauza "nusu kilo" kwenye chupa ya nusu lita. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ina kilo 1.4 hivi. Chupa yako ya nusu lita imebeba gramu 700. Kila chupa unamzawadia mteja gramu 200 na hajui hata kukushukuru! Nunua mizani, au panga bei kwa chupa ukijua uzito wake. Ukiuza chupa 5 namna hiyo umetoa kilo nzima bure.

Na asali ikiganda usikubali kuambiwa umetia sukari. Kuganda ni tabia yake, hasa ya maua fulani. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, mkono uvumilie, mpaka ilainike. Usiichemshe, inapoteza harufu. Ila ile yenye maji mengi ikiganda ichunguze: chembe zikijitenga chini, uowevu unaobaki juu una maji zaidi, na povu huanzia hapo.

Ndoo ya Bi Rukia, basi. Haiponi. Ukiipasha moto utaua chachu, ladha ya uchachu itabaki. Mrudishie fedha zake au mpe nyingine iliyozibwa sawasawa, usimchanganyie nzuri na mbaya, tumekwisha kuona hesabu yake. Na mweleze kilichotokea, yule mama akielewa atakutangaza kuliko nembo yoyote. Nilitaka kukwambia pia habari ya daftari la kuandika mti gani unachanua lini, lakini karatasi inaisha, itakuwa barua nyingine.

Nijibu haya kwanza: masega mliyokata, unakumbuka ni mangapi yalikuwa meupe pande zote? Ndoo nyingine za mkupuo ule ziko wapi, na umezifungua? Viunzi vyako alichonga nani, na je, umewahi kuvipima kwa rula? Mzinga wa karibu na mto bado una nyuki, au baada ya usiku ule wamehama? Na yule kijana wa mzee Athumani aliyesema atakuonyesha kazi, alifika hata siku moja?

Wasalimie nyumbani, na umwambie Neema barua zake nazisubiri.

Wako,
Hamisi