Mashine ya masikio ya mjomba wako

Mwanangu Zuhura, wewe ni binamu yangu lakini nimekulea mwenyewe, kwa hiyo nakuandikia kama mama. Umesema huko Marekani unaweza kumnunulia baba yangu mashine ya masikio, basi soma hii kwanza kabla hujatoa hela.

Tulimpeleka akatolewa nta halafu akapimwa. Masikio yote mawili sauti nzito anaanza kuzisikia kwenye desibeli 50, nyembamba mpaka zifike 80. Ndo maana anakusikia unaongea ila haelewi, ukimwambia leta kisu anakuletea kitu chochote, maana hizo s na f na t ndo zimepotea. Na ukipiga kelele anakasirika anasema unamuumiza, kweli inamuuma, sikio likichoka hivyo sauti ndogo halisikii ila kubwa inagonga vilevile.

Sasa zile za dukani zinazouzwa huko bila cheti, walizoruhusu tangu Oktoba 2022, usichukue. Zile ni za watu wazima waliopungukiwa kidogo au wastani, baba ameshapita hapo. Na vile vya bei chee vya kukuza sauti ndo kabisa, vinapandisha kila kitu pamoja, mlio wa sufuria na honda ya barabarani, atavua siku hiyohiyo. Tunataka inayopangwa kwa kompyuta kufuata kipimo chake, inyanyue zile nyembamba zaidi na ibane yenyewe sauti zikiwa kubwa. Karatasi ya kipimo nakutumia wasap.

Umbo lake iwe ile ya kukaa nyuma ya sikio yenye kimpira cha kupitisha sauti na moldi ya kuziba tundu la sikio, sio ile yenye kispika kinachoingia ndani ya sikio, hicho na nta na jasho la Tanga hakidumu. Moldi tutachongesha hapa kwa kipimo cha sikio lake, isipokaa sawasawa mashine inapiga miluzi, ukisikia filimbi jua moldi imelegea au hajaisukuma vizuri.

Betri nataka za kutupa, namba 13, zenye karatasi ya rangi ya chungwa. Za kuchaji sitaki, umeme ukikatika usiku asubuhi mzee hasikii, na namba 312 ni ndogo mno, vidole vyake vinatetemeka. Ukituma tuma paketi kadhaa, zisibanduliwe karatasi, maana ukishabandua inaanza kuisha hata mashine ikiwa imezimwa.

Kubwa kuliko yote muulize muuzaji kama mashine imefungwa, kuna maduka wanazifunga zipangwe kwao tu, hapo ikifika huku mtaalamu wetu hawezi kuigusa. Pia mtaalamu lazima awe na programu ya kampuni hiyo, kwa hiyo kabla hujalipa nitumie picha ya boksi pande zote, nitampelekea aangalie kwanza, akisema ndiyo ndo ulipe, mbili kwa pamoja, kulia na kushoto.