Barua kwa wifi yangu: mstari wa kadi umelala

Wifi yangu, asalaam aleykum.

Picha ya kadi ya mtoto uliyonitumia jana nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona kila nukta. Umeniambia kliniki wamesema mtoto hana tatizo, kwa sababu nukta yake bado iko juu ya mstari wa hatari, nawe umetulia. Mimi sijatulia. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa kuwa najua akina mama wengi hapa Pemba huambiwa maneno hayo hayo, wakaikunja kadi na kurudi nyumbani.

Chini ya ile chati, kutoka kushoto kwenda kulia, ni miezi ya mtoto. Ubavuni, kutoka chini kwenda juu, ni kilo. Ile mistari iliyopinda imetokana na vipimo vya watoto wenye afya wa nchi sita, Omani na Ghana zikiwemo, na Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2006. Kuwa chini ya mstari wa katikati si maradhi, maana nusu ya watoto wazima wako huko. Mtoto mwenye umbo dogo anaweza kufuata njia yake ya chini mwaka mzima akawa salama. Kwa hiyo usiishie kuuliza nukta iko wapi. Tazama inakoelekea: inapanda sambamba na mistari iliyochapwa, au inaikata?

Sasa tusome kadi ya binti yetu. Miezi minne alikuwa na kilo 6.2, mitano 6.8, sita 7.1. Hapo alikwenda vizuri, chini kidogo tu ya mstari wa katikati. Mwezi wa saba akapata 7.2. Mwezi wa nane, 7.2 tena. Ni kweli kwamba baada ya miezi sita kila mtoto hupunguza kasi, na ndiyo maana mistari yenyewe hupinda. Lakini mtoto wa kike wa kati huongeza karibu gramu 600 kutoka mwezi wa sita hadi wa nane, na wetu ameongeza 100. Mstari wake haukupinda, umelala. Akibaki kwenye kilo 7.2, hatapungua hata gramu moja, na bado mstari wa hatari utapanda wenyewe umkute akiwa na miezi 13 hivi. Hapo ndipo wangekwambia ana tatizo, baada ya miezi mitano kupotea.

Kabla ya yote, apimwe tena. Ile mizani ya kuning'iniza husoma gramu mia mia, na kama mshale haukurudishwa kwenye sifuri kabla ya kumtia mtoto kwenye suruali ya kupimia, au mwezi mmoja alipimwa na nguo na mwingine bila nguo, mstari unaweza kudanganya. Mvue nguo zote, iangalie sifuri kwa macho yako, na uhakikishe nukta imewekwa kwenye umri wake halisi. Mtazame na miguu. Bonyeza upande wa juu wa miguu yote miwili kwa kidole gumba: pakibaki shimo, huo ni uvimbe, na maji ya uvimbe huongeza kilo za uongo. Hapo mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mizani ikisema vile vile, turudi nyuma tuone mwezi wa sita kulibadilika nini. Wewe unajua: ulirudi kwenye mwani. Bamvu likifika unaondoka, mtoto anabaki na bibi yake na uji wa mchele kwenye chupa. Simlaumu mama, anafanya alivyotulea sisi. Ila uji unaopita kwenye chuchu ya chupa ni maji mengi. Tumbo dogo linajaa, maziwa yako anayakataa ukirudi, na alichokula hakimkuzi. Halafu wiki ile ya kuharisha ikaja juu yake.

Mnyonyeshe kabla hujaondoka na mara tu urudipo, na usiku asinyimwe. Uji upikwe mzito, wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, utiwe tui zito la nazi au kijiko cha mafuta, na dagaa waliosagwa au yai lililoiva. Alishwe kwa kijiko mara tatu kwa siku. Chupa iwekwe kando.

Nenda naye kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya kadi. Waambie hivi: «Miezi miwili ameongeza gramu 100 tu.» Waombe wampime na mkono kwa ule utepe wa rangi, na wamwangalie damu, mkojo na kifua, maana maambukizo ya mkojo au kifua kikuu huweza kulaza mstari bila homa kubwa. Baada ya wiki mbili apimwe kwenye mizani ile ile, kisha unitumie picha ya kadi, safari hii bila kidole chako juu ya mwezi wa tatu.

Wifi yako