Kifurushi kikiisha muda, salio linakwenda wapi?

Mhariri,

Wasomaji wengi hulalamika kwamba data waliyoilipia hupotea muda wa kifurushi unapoisha, lakini wachache wanajua kanuni zinasema nini. Kanuni ndogo za vifurushi zilizotangazwa na TCRA mwaka 2021 hazikufuta ukomo wa muda. Zilimpa mteja nafasi ya kuendelea kutumia salio lake iwapo atanunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujaisha, au kulihamishia kwa mtu mwingine wa mtandao uleule.

Tuseme mtu amenunua GB 5 za wiki, na Jumapili jioni, saa mbili kabla ya ukomo, amebakiwa na GB 2. Akinunua tena kifurushi kilekile saa hiyo, salio lake linaendelea kutumika. Akisubiri hadi Jumatatu asubuhi, au akichagua kifurushi cha siku kwa kuwa ni nafuu, hana msingi wa kudai zile GB 2.

Kasoro ninayoiona iko kwenye taarifa. Kanuni zinataka mteja ajulishwe matumizi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100. Huyu wetu ametumia asilimia 60 tu, hivyo ujumbe huo haumfikii kabisa, ingawa ndiye anayekaribia kupoteza salio. Naomba mamlaka iagize pia ujumbe wa kukumbusha muda, walau saa chache kabla ya ukomo.

Msomaji wako,
Morogoro