Mpiga kamera anajitolea, je, picha ziwe za nani?

Kwako mshauri,

Salaam aleikum kutoka Lamu. Mimi ndiye mtayarishaji na mwongozaji wa filamu fupi ya dakika kama 15, hadithi ya kijana anayerudi Matondoni kumsaidia babu yake kumaliza jahazi ambalo limekaa juu ya magogo miaka na miaka. Mfadhili hatuna. Tuko watu sita na sote tunajitolea: mimi, mpiga kamera, kijana wa sauti, dada wa mavazi ambaye pia atapiga picha za mnato, mhariri aliye Malindi, na kaka mwenye mashua atakayetuvusha pamoja na vyombo. Nimewaandikia wenzangu mkataba wa kurasa mbili kabla hatujapiga hata shoti moja. Wanne wako tayari kutia sahihi. Mpiga kamera amekataa kipengele kimoja, na bila yeye hakuna filamu.

Kipengele chenyewe kinasema kwamba picha zote ghafi zitakazopigwa siku za kazi ni mali ya filamu, na filamu itasimama kwa jina langu mimi mtayarishaji. Yeye akanijibu kwa Kiamu chetu: "Mato ni yangu, kamera ni yangu, picha ziwe za nani tena?" Sikumwona mkorofi. Kamera kweli ni yake, lenzi ni zake, na siku tatu za kupiga filamu angekuwa harusini akilipwa.

Nilivyoielewa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, mtunzi wa kazi ya picha na sauti, yaani filamu, ni yule aliyefanya mipango ya kutengenezwa kwake. Kushika kamera peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwenye filamu. Lakini picha za mnato zina kanuni nyingine: mtunzi wake ni yule aliyeipanga picha. Kwa hiyo dada wa mavazi akimpiga babu picha akiwa ameegemea ubavu wa jahazi, na mimi nikaiweka kwenye bango la filamu, huenda nimetumia mali yake, ijapokuwa alipiga akiwa kwenye kazi yangu. Ndiyo maana nimemwandikia mstari wake peke yake: picha zinabaki zake, nasi tunapewa ruhusa ya kuzitumia kuitangaza filamu, jina lake likiwa chini ya kila picha. Alifurahi, na mimi sikupoteza kitu.

Kwa picha za video sikutaka kutegemea kanuni ya mipango peke yake. Mtu anayejitolea hakuajiriwa, hakulipwa, na kesho anaweza kusema kwamba mipango tuliifanya pamoja, naye mipango aliifanya kweli kwa sababu ndiye aliyechagua lenzi na saa za jua. Sheria hiyohiyo inataka uhamishaji wa hakimiliki uwe kwa maandishi na utiwe sahihi na anayehamisha. Neno la barazani halitoshi hapo, hata likiwa na mashahidi kumi. Rafiki yangu aliyesoma sheria akaniongezea jambo ambalo sikulijua: mkataba ambao upande mmoja hautoi chochote huwa dhaifu ukifika mahakamani. Basi nimeandika wazi kile ambacho kila mmoja anapata: jina lake kwenye filamu, nakala kamili ya filamu iliyokamilika, chakula cha siku za kazi na nauli ya mashua.

Kuna waliosema tuandike tu kwamba filamu ni yetu sote sita, tumalize maneno. Mimi naiogopa njia hiyo. Matamasha huwa na fomu ambayo anayewasilisha filamu anatia sahihi kuthibitisha kwamba ana haki ya kuionyesha. Tukiwa wenye mali sita, kila fomu inaweza kuhitaji sahihi sita, na mmoja wetu akienda Mombasa akabadili laini, au tukakosana, filamu itakaa ndani ya hadi diski kama lile jahazi letu. Niliwahi kushika ubao wa shoti kwenye filamu ya wengine iliyokwama hivyo. Aliyepiga aliondoka na kadi zake, na mpaka leo hakuna aliyeiona.

Sasa nikueleze mpiga kamera anataka nini hasa, kwa sababu hatuko mbali sana. Kutumia vipande vya filamu kwenye video ya kuonyesha kazi zake nimemkubalia, visizidi sekunde 90 na baada ya filamu kuonyeshwa mara ya kwanza. Anachoomba zaidi ni zile shoti zisizo na hadithi: mawio upande wa Manda, mashua zikipita mbele ya Shela, michanga. Anasema kuna hoteli zinazonunua picha kama hizo, na kwa kuwa hatumlipi, hapo ndipo angepata chake. Nimewaza kumwandikia kwamba shoti yoyote isiyo na mwigizaji, isiyo na uso wa mtu anayetambulika wala jahazi la babu, anaweza kuiuza ikiwa haimo kwenye filamu iliyokamilika, na sisi tubaki na ruhusa ya kudumu ya kuitumia. Jahazi nimelitaja kwa makusudi. Fundi mwenye jahazi hilo amenipa idhini kwa ajili ya hadithi hii tu, na sitaki alione siku moja kwenye tangazo la chumba cha kulala.

Kwenye sehemu ya kila mtu atakabidhi nini, nimekuwa mkali kuliko kwenye umiliki, maana umiliki wa picha ambazo huna mkononi haukusaidii. Kwa mpiga kamera nimeandika kwamba kila jioni, kabla ya kadi yoyote kufutwa, folda nzima ya kadi inanakiliwa kwenye hadi diski mbili, moja ikilala kwangu na nyingine kwake. Nasema folda nzima, kwa sababu watu hupenda kuvuta zile klipu tu na kuacha mafaili mengine yaliyo kandokando, halafu mhariri anakosa taarifa alizozihitaji. Kamera yake huweka klipu ndani ya `PRIVATE/M4ROOT/CLIP`, nasi tutachukua kuanzia `PRIVATE` yote. Baada ya kunakili tunalinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wa folda pande zote mbili, kisha tunafungua klipu ya mwisho na kuiangalia mpaka mwisho, kwa kuwa nakala iliyokatika njiani mara nyingi hujionyesha hapo. Akirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya picha ni kama gigabaiti 45. Nikikadiria saa mbili za picha kwa siku, siku tatu ni gigabaiti 270, na diski mbili za terabaiti moja zinatutosha. Diski nimenunua mimi, na mkataba unasema hivyo, isije ikawa ugomvi wa pili.

Kijana wa sauti atatoa mafaili ya WAV, 48 kHz, biti 24, pamoja na karatasi inayoonyesha kila faili ni la shoti gani, na kila siku atarekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali. Ukimya wa Matondoni una upepo, nyundo za mafundi na punda, na bila huo mhariri hana cha kuzibia mapengo. Kutuma sauti kwa WhatsApp nimekataza kwa maandishi. Kaka wa mashua naye ana mstari wake: kuwa gatini saa tuliyokubaliana kulingana na maji kujaa, maana maji yakishatoka mashua inakwama njiani na siku imekwenda.

Mhariri ndiye aliyenipa kazi zaidi. Wengi huomba filamu iliyokamilika tu. Mimi nimeomba pia faili la mradi, nakala moja isiyo na maandishi ya tafsiri, na sauti zikiwa zimetenganishwa: mazungumzo peke yake, muziki peke yake, sauti za mazingira peke yake. Mpiga udi wetu ametupa ruhusa ya matamasha tu. Siku kituo cha televisheni kikiitaka filamu na yeye akakataa, au akataka malipo tusiyoyaweza, tutatoa muziki wake na kuweka mwingine bila kuharibu maneno ya babu. Sauti zikiwa zimechanganywa pamoja, hapo hakuna la kufanya.

Majina mwishoni mwa filamu niliyadhani rahisi. Nimeambatisha karatasi ambayo kila mtu ameandika jina lake kwa mkono wake, herufi kwa herufi, na cheo chake pembeni, kwa sababu huku kwetu mtu mmoja ana jina la kitambulisho, jina la mtaani na jina la baba wa fulani. Ugumu ukaja kwa anayeondoka kazi ikiwa katikati. Mpiga kamera akipiga siku moja kisha akaitwa harusini na tukaleta mwingine, nani anaandikwa mpiga picha mkuu? Nimependekeza kwamba cheo kikuu ni cha aliyepiga shoti nyingi zaidi kati ya zile zilizobaki kwenye filamu, na mwenzake aandikwe mpiga kamera wa pili. Na nimeweka sharti linalonibana mimi mwenyewe: jina la mtu aliyekabidhi kazi yake siwezi kulifuta kwa hasira, hata tukigombana. Haki ya kutambuliwa kwa kazi uliyoifanya si zawadi ya mtayarishaji.

Fedha tumeziandikia mistari michache tu. Tuzo au malipo yakija, kwanza zinarudishwa gharama zenye risiti, kisha kinachobaki kinagawanywa sawa kwa sita. Kaka wa mashua alicheka akasema kagaweni kwanza njaa.

Ninachokuomba, mshauri, ni haya. Kile kipengele cha shoti zisizo na hadithi, je, kinasimama kisheria kama nilivyokipanga, au nimefungua mlango ambao hoteli itapitishia hata jahazi la fundi wetu? Ningelipa siku zake za kamera hata kidogo, tuseme shilingi 3,000 kwa siku kama pesa ya vifaa, ingenipa nguvu zaidi ya kushikilia picha zote, au kumlipa mmoja na kuwaacha watano kutanivunjia kikosi? Na akikataa yote mawili, ni afadhali nikubali picha ziwe zake, yeye aipe filamu leseni ya peke yake kwa maandishi, isiyoweza kufutwa? Nimesikia leseni ya namna hiyo inatosha kwa fomu za matamasha, lakini sijui kama itatosha siku atakayeitaka filamu ni televisheni.

Tunataka kupiga bamvua lijalo, maji yakiwa makubwa, kwa hiyo nikipata jibu lako kabla ya hapo nitashukuru sana.

Wako,
Mtayarishaji wa Langoni, Lamu