Barua kwa mwanangu: livunje neno kabla hujalitafsiri

Mwanangu Neema,

Ubeti ulioutafsiri kutoka Kisanskriti ukanitumia nimeusoma. Kiswahili chako kimenyooka, hata baba yako, ambaye mambo yetu haya ya Kisanskriti huyakwepa, aliusoma akasema huyu mtoto ana mkono. Hapo ndipo hofu yangu iliponianza. Jumamosi unaondoka kwenda Pune, India. Huko, mtu akikuletea tafsiri, kabla ya kuuliza inapendeza au haipendezi huuliza umelivunjaje neno. Karatasi yako yote nimeipitia, sikuona popote ulipolivunja.

Nasema lile neno karmaphalahetuh, la Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, ubeti wa 47. Mungu Krishna anamwambia shujaa Arjuna: karmanyevadhikaraste ma phaleshu kadachana, ma karmaphalahetur bhur ma te sango'stvakarmani. Mshororo wa kwanza umeupatia: haki yako ni katika kutenda tu, katika matunda kamwe. Kipande kinachofuata, ma karmaphalahetur bhur, umekiandika “usiwe sababu ya matunda ya matendo”, kama vile hakuna njia nyingine. Ziko tatu, mwanangu, na kila moja ina mwanachuoni mkubwa nyuma yake.

Karma ni tendo, phala ni tunda, hetu ni sababu au kinachomsukuma mtu. Yameunganishwa matatu yakawa neno moja, na ni la mwisho tu lililobaki na kiambishi chake. Uhusiano wa hayo ya ndani haukuandikwa. Msomaji ndiye anayeurudisha, kwa kulivunja neno na kulipanga upya kuwa sentensi. Hicho ndicho ulichokiruka.

Ukilivunja karmaphalasya hetuh, “sababu ya tunda la tendo”, umelifanya tatpurusha: uzito uko kwenye neno la mwisho, na la mbele linalieleza tu. Arjuna anaambiwa asiwe yeye hiyo sababu. Ndivyo Shankara alivyolisoma katika karne ya 8, lakini hakuliacha likiwa tupu kama ulivyoliacha wewe. Alieleza kwamba mtu akitenda kwa kiu ya matunda, anakuwa sababu ya tunda kuzaliwa, na tunda lenyewe ni kuzaliwa tena. Kiu, tendo, tunda, kuzaliwa: mnyororo huo wote umo ndani ya neno moja. Ukiandika “usiwe sababu ya matunda” bila maelezo, msomaji wa Kiswahili atadhani anaambiwa aache kazi, kwa maana kila tendo huzaa kitu. Na kipande cha mwisho cha ubeti huohuo kinakataza hilo: wala usishikamane na kutotenda.

Ukilivunja karmaphalam hetur yasya sah, “yule ambaye tunda la tendo ndilo linalomsukuma”, umelifanya bahuvrihi. Angalia lile yasya, “ambaye”. Hapo neno halisemi tena juu ya sababu, linasema juu ya mtu aliye nje ya maneno yote matatu. Hata jina bahuvrihi limeundwa hivyohivyo: bahu ni mwingi, vrihi ni mpunga, lakini linamtaja mtu mwenye mpunga mwingi. Shridhara, aliyekuja karne nyingi baada ya Shankara, ndivyo alivyolivunja. Kwake Arjuna hakatazwi kusababisha lolote. Anakatazwa kuwa mtu wa kusukumwa na malipo. Charles Wilkins naye, aliyetoa tafsiri ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1785, alifuata njia hii.

Ya tatu ni ya Ramanuja, na ndiyo inayonigusa zaidi ingawa siifuati. Yeye haoni “tunda la tendo” hapo mbele. Anaona dvandva, maneno mawili yaliyosimama sawa: karma na phala. Usiwe sababu ya tendo wala ya tunda. Yaani hata unapotenda, usijihesabu kuwa mtendaji. Mfano wake ni njaa kutulia: hata hilo usijione wewe ndiye uliyelisababisha. Kutoka kukatazwa tamaa tumefika kukanushiwa utendaji wenyewe, na hakuna herufi hata moja iliyobadilika.

Utaniuliza, kama ulivyozoea kuniuliza, ipi ni sahihi? Sarufi peke yake haitoi jibu. Kwenye Veda, yale maandiko ya kale zaidi, ingetoa, kwa sababu kule sauti inapopanda imeandikwa. Bila shaka unakikumbuka kisa cha Tvashtri, ambacho Patanjali anakitaja mwanzoni mwa kitabu chake cha sarufi. Alitaka mwana atakayemuua mungu Indra, akaomba akue huyo Indrashatru. Angepandisha sauti mwishoni mwa neno hilo, lingekuwa tatpurusha, muuaji wa Indra. Akaipandisha mwanzoni, likawa bahuvrihi, yule ambaye Indra ndiye muuaji wake. Mwana huyo, Vritra, akazaliwa, na Indra akamuua. Gita haina alama hizo, kwa hiyo lazima utafute ushahidi jirani.

Na ushahidi uko beti mbili tu mbele. Ubeti wa 49 unasema kripanah phalahetavah. Ni neno lilelile likiwa fupi, sasa katika wingi: wa kuhurumiwa ni hao phalahetavah. Jaribu tatpurusha uone. “Wa kuhurumiwa ni sababu za matunda”: basi kila mtendaji angekuwa wa kuhurumiwa, hata huyo asiye na tamaa ambaye Krishna anamsifu. Jaribu bahuvrihi: “wa kuhurumiwa ni wale wanaosukumwa na matunda.” Imekaa. Shankara mwenyewe, akifika hapo, anaeleza kuwa ni watu wanaosukumwa na kiu ya matunda. Kwa hiyo mimi nasimama na bahuvrihi katika 47 pia. Huo ni uzito wa ushahidi tu, Neema, haumfungi mtu. Mtu wa Ramanuja atakujibu kwamba sura ya 3 inafundisha waziwazi kuwa mtendaji halisi si wewe, nawe huna budi kumsikiliza.

Sikukatazi kuchagua tatpurusha. Ninachokuomba ni uchague ukijua. Pembeni ya kila neno refu andika ulivyolivunja, kwa Kisanskriti, kabla hujaandika Kiswahili. Naogopa ulitazama tafsiri ya Kiingereza kwanza ukaigeuza. Ni mwepesi wa kuelewa tangu utotoni, na wepesi huo ndio unaokufanya uruke hatua. Labda nami nilikusifia mno ulipokuwa ukimaliza kabla ya wenzako.

Bibi anasema ufunge nguo za baridi. Nimemweleza kuwa Pune si Ulaya, hasikii, kwa hiyo chukua lile sweta la kijivu umridhishe. Fundi wa tangi hajarudi na hela ya valvu anayo, baba yako atamfuata kesho. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano weka kwenye mkoba wa mkononi, usikitie sandukuni. Ile kamusi yangu kubwa ya Kisanskriti iache, ni nzito na maktaba za huko zinazo, ila daftari langu la samasa, maneno haya ya kuunganishwa, lichukue.

Kabla ya Ijumaa nitumie 47 na 49 zikiwa zimevunjwa, zote mbili kwenye karatasi moja. Ukiamua kubaki na tatpurusha katika 47, niandikie utafanya nini na phalahetavah.

Mama yako